Vyumba vilijaa wikendi nzima, na fedha zikapungua

Jumapili ile jioni nilikaa mezani na daftari la wageni, nimechoka lakini moyo umetulia. Nyumba yetu ya wageni ina vyumba vinane, na kwa mara ya kwanza tangu tuifungue vyote vinane vilikuwa vimelala watu siku ya Ijumaa. Jumamosi kilibaki kimoja tu. Tangazo letu la punguzo la wikendi lilikuwa limezunguka kwenye simu za watu kwa siku nne, simu haikunyamaza, na mpishi wetu alikuwa amepika kuliko siku nyingine yoyote. Nilipofungua droo ili nihesabu fedha, nilitarajia kukuta nyingi kuliko wikendi ya kawaida. Nilihesabu mara mbili. Zilikuwa pungufu.

Usiku ule sikulala mpaka nijue zimeenda wapi. Niliyoyapata ndiyo nataka kuyaeleza hapa, kwa sababu nimewaona wenye nyumba wengine wadogo wakitoa tangazo la aina ileile, kwa furaha ileile, na naamini nao wanaumia bila kujua.

Bei za vyumba hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo bei yetu kamili ya chumba kwa usiku mmoja nitaiita 100, na hesabu zote zitafuata hapo. Mwenye nyumba yake aweke kiasi chake, uwiano utabaki uleule. Kwa bei hiyo ya 100 hatukuwa tukitoa kifungua kinywa. Aliyekitaka alikilipia pembeni. Tangazo la wikendi lilisema chumba ni 70, kifungua kinywa kimo. Nilifika kwenye 70 kwa kuangalia wengine wanatangaza nini, kisha nikashuka kidogo chini yao. Hesabu yoyote sikufanya.

Jambo la kwanza nililojiuliza usiku ule ni hili: chumba kikiuzwa, kinanigharimu nini ambacho kisingenigharimu kama kingelala kitupu? Kodi ya jengo, mshahara wa mlinzi na leseni havimo humo, maana vingelipwa hata kama asingekuja mgeni hata mmoja. Vinavyohesabiwa ni kufua mashuka, foronya na taulo, sabuni ya mgeni, maji ya kuoga, umeme, na malipo ya dada wa usafi ambaye kwetu hulipwa kwa kila chumba anachokigeuza. Umeme ndio uliokuwa mgumu kuupima. Nilichofanya ni kusoma mita mwanzoni na mwishoni mwa wiki yenye wageni wachache, nikarudia kwenye wiki yenye wageni wengi, nikachukua tofauti ya matumizi na kuigawa kwa tofauti ya idadi ya vyumba vilivyouzwa. Vyote hivyo pamoja vilifika 16 kwa chumba kwa usiku mmoja.

Kisha kifungua kinywa. Kichwani mwangu sahani ya mtu mmoja ilikuwa 4, kwa sababu nilikuwa nikihesabu mayai na mkate tu. Mpishi ndiye aliyenisahihisha. Akaniambia, "Mama, gesi hujaiweka. Maziwa hujayaweka. Na matunda niliyoyakata yakabaki, hayo nayo nani kayala?" Tukachukua kila kilichonunuliwa kwa ajili ya asubuhi mbili za wikendi ile, tukatoa kilichobaki kizima jikoni, tukagawa kwa idadi ya sahani zilizotoka. Ikaja 7 kwa mtu. Chumba cha watu wawili kwa hiyo ni 14 ya kifungua kinywa, na ukijumlisha na ile 16 unapata 30.

Hapo picha ilifunguka. Chumba cha 100 bila kifungua kinywa huniachia 84. Chumba cha 70 chenye kifungua kinywa cha watu wawili huniachia 40. Nilikuwa nikidhani nimepunguza 30 tu, kumbe nimepunguza 44, yaani zaidi ya nusu ya kile ninachobaki nacho mkononi.

Nikarudi kwenye daftari kuangalia wikendi za kawaida za miezi mitatu ya nyuma. Na hapa ndipo nilipoumia, kwa sababu habari yote ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe na sikuwahi kuisoma. Ijumaa ya kawaida tulikuwa tukiuza vyumba sita kwa bei kamili. Ni wageni wanaofika kwa shughuli zao, wanalala, na asubuhi wanaendelea na safari. Wangekuja hata bila tangazo. Jumamosi ndiyo iliyokuwa dhaifu: vyumba vitatu tu.

Tuifanye hesabu taratibu. Ijumaa ya kawaida, vyumba sita mara 84 ni 504. Ijumaa ya tangazo, vyumba vinane mara 40 ni 320. Nyumba imejaa hadi chumba cha mwisho, na bado nimepoteza 184. Hakukuwa na namna yoyote ya kushinda siku ile, maana ili nifikie 504 kwa 40 kila kimoja ningehitaji vyumba kumi na vitatu, na mimi ninavyo vinane. Jumamosi ya kawaida, vyumba vitatu mara 84 ni 252. Jumamosi ya tangazo, vyumba saba mara 40 ni 280. Faida ya 28, kwa kazi iliyozidi mara mbili. Ukijumlisha siku zote mbili, wikendi ya kawaida huniachia 756 na wikendi ya tangazo iliniachia 600. Hiyo 156 ndiyo iliyokosekana kwenye droo.

Kuna mgeni mmoja ambaye bado namkumbuka kila ninapoitazama Ijumaa ile. Alikuwa amepiga simu Jumatano, kabla tangazo halijatoka, akaweka chumba kwa 100. Alipofika alikuta karatasi ya tangazo imebandikwa mezani pale pa kujiandikisha. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, mimi nilikosea nini?" Nilimrudishia 30 palepale na asubuhi akala kama wengine, kwa sababu sikuwa na jibu lingine la haki. Lakini alinifundisha kwamba punguzo halichagui. Ukilitangaza kwa usiku fulani, kila anayelala usiku huo analistahili, pamoja na yule ambaye angelipa bei kamili bila kusita. Gharama kubwa ya tangazo iko kwa huyo, wala si kwa mgeni mpya.

Kwa hiyo tangazo la pili nililiandika kutokea kwenye daftari. Ijumaa sikuigusa kabisa. Ofa ikawa ya usiku wa Jumamosi peke yake. Bei nayo niliipata kwa kuanzia chini: najua chumba chenye kifungua kinywa cha wawili kinanigharimu 30, najua Jumamosi ya kawaida huniachia 252, na najua nina vyumba vinane. Kwa bei ya 85 kila chumba kinaniachia 55. Kugawa 252 kwa 55 ni nne na zaidi kidogo ya nusu, kwa hiyo nikiuza vyumba vitano nimeshavuka, na kila kinachoongezeka ni nyongeza ya kweli. Vyumba vitano kati ya vinane ni jambo linalowezekana. Kwa 70 ningehitaji saba ili tu nisipungukiwe, na saba ni karibu nyumba nzima. Tofauti kati ya bei hizi mbili, machoni mwa mgeni, si kubwa kama inavyoonekana kwangu, maana kifungua kinywa akikinunua pembeni kwetu hulipa 12 kwa mtu. Wawili ni 24. Anayeona chumba cha 100 na kifungua kinywa cha 24 vikiuzwa pamoja kwa 85 anaona ameokoa 39, wakati mimi kifungua kinywa hicho kimenigharimu 14. Ndiyo maana napenda kutoa kifungua kinywa kuliko kuendelea kushusha bei ya chumba. Naye mgeni anayekula vizuri asubuhi hulikumbuka hilo kuliko tarakimu ya jana.

Baada ya bei, maneno. Tangazo la kwanza lilisema "Ofa ya wikendi, 70 na kifungua kinywa, Ijumaa hadi Jumapili." Mimi niliyeandika nilijua namaanisha usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi, mgeni aondoke Jumapili. Watu watatu walielewa ni usiku tatu. Mmoja alikuja Jumapili jioni na mkoba wake, picha ya tangazo iko wazi kwenye simu, na ukisoma maneno yale huwezi kusema amekosea.

Kiswahili chetu nacho kina mtego hapa. Ukisema "usiku wa Jumapili", kuna mtu atakayeelewa ni usiku unaofuata mchana wa Jumapili, na kuna mwingine, hasa mzee aliyekulia kwenye hesabu ya siku kuanza magharibi, atakayeelewa ni usiku wa kuamkia Jumapili, yaani Jumamosi ya mwenzake. Wote wawili wanasema sahihi. Tangu siku ile siandiki jina la siku bila kuandika na siku inayoamkia, na siandiki usiku bila kutaja saa ya kuingia na saa ya kutoka. "Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kuingia kuanzia saa 8 mchana, kutoka kabla ya saa 4 asubuhi" ni maneno mengi, lakini hayajawahi kuniletea ugomvi.

Halafu neno "kwa". Bei ya 85 kwa nini? Kwa mtu au kwa chumba? Mgeni aliyezoea kulipia kitanda ataelewa ni kwa mtu, na aliyezoea kulipia chumba atakuja na mwenzake na watoto wawili. Tangazo la kwanza halikusema. Familia moja ya watu wanne iliingia kwenye chumba kimoja, na asubuhi ikakaa mezani watu wanne. Sahani mbili za ziada ni 14, na kwenye chumba kilichokuwa kikiniachia 40 hilo ni zaidi ya theluthi. Sikuwadai kitu, kwa sababu kosa la maneno lilikuwa langu. Hesabu ya kifungua kinywa hapo juu ni ya sahani mbili kwa kila chumba, kwa hiyo hasara ya meza ile haionekani ndani ya ile 156. Ilikuwa juu yake. Sasa tunaandika "kwa chumba, watu wawili", na tunaandika pia bei ya kifungua kinywa cha mtu wa tatu.

Tarehe nayo iandikwe yote, pamoja na mwaka. "Wikendi hii" ni maneno mazuri mdomoni, lakini kwenye picha inayosambazwa hayana mwisho. Miezi miwili baada ya tangazo la kwanza nilikuwa bado napigiwa simu na watu waliolipata siku ileile kutoka kwa rafiki, na kila mmoja nililazimika kumweleza upya kwamba wikendi hiyo ilishapita. Baadhi walikata simu wakiamini nawazungusha.

Nije kwenye kifungua kinywa chenyewe, maana kukiandika kwenye tangazo ni rahisi na kukitoa ni kazi nyingine. Asubuhi ya Jumamosi ya wikendi ile ya kwanza tulikuwa na wageni kumi na sita na zaidi, na meza yetu inakalisha kumi. Jiko lina mafiga mawili ya gesi. Kila mgeni aliulizwa mayai yake anayataka vipi, na mpishi akaanza kuyapika sahani moja moja. Sahani moja huchukua dakika nne au tano. Na kwa kuwa kutoka ni saa 4, karibu wote walishuka saa 3. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiangalia watu wamesimama ukutani na vikombe mkononi, mtoto mmoja analia, na mwanamume mmoja anaangalia saa kwa sababu gari lake linaondoka. Aliondoka bila kula. Kwenye tangazo tulimwahidi kifungua kinywa, akakilipia ndani ya bei, na hakukipata.

Siku hizi jioni, mgeni anapokabidhiwa ufunguo, anaulizwa swali moja: kesho utakula saa 1 na nusu au saa 3? Jibu linaandikwa kwenye karatasi ya jikoni mbele ya namba ya chumba, pamoja na idadi ya watu. Upande mmoja usizidi kumi. Anayetaka saa 3 akikuta imejaa, anaambiwa mapema na karibu kila mara anakubali ya kwanza. Anayeondoka kabla ya jua hutayarishiwa cha kubeba tangu usiku: mayai ya kuchemsha, mkate, tunda na chupa ya maji. Karatasi hiyo ilipunguza pia matunda yanayotupwa, kwa sababu mpishi anajua akate mangapi. Kuna wageni wachache wanaosema, mimi sili asubuhi, nipunguzie. Tunawaeleza kwa heshima kwamba ofa ni kitu kimoja na haikatwi vipande, ila anayetaka chumba kitupu bei yake ipo, nayo ni 100. Tumeliweka kwenye tangazo lenyewe ili asiwepo wa kushangaa mapokezi.

Lililobaki ni la mawasiliano, na hili lilinitia aibu kuliko yote. Tangazo la kwanza lilikuwa na namba mbili za simu, yangu na ya mdogo wangu, kwa nia njema kabisa: mmoja akiwa ana shughuli, mwingine apokee. Tulikuwa na daftari moja, lakini lilikaa nami. Yeye alikuwa akipokea simu akiwa nje, anakariri kichwani, anakuja kuniambia baadaye. Ijumaa saa 3 usiku walifika mume na mke na mtoto mchanga, wana jina la mdogo wangu na ahadi ya chumba. Chumba kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine tangu jioni. Yule mama alikuwa amempakata mtoto, hakusema neno, alikaa tu kwenye kiti cha mapokezi akanitazama. Nilipiga simu kwa jirani mwenye nyumba ya wageni, nikapata chumba, nikalipa tofauti ya bei na gari la kuwapeleka. Gharama hiyo pia haimo kwenye ile 156.

Nimejifunza kwamba tangazo dogo linataka namba moja, na namba hiyo ikae mahali lilipo daftari. Kama mtu ni lazima apumzike, basi anakabidhi vyote viwili pamoja, simu na daftari, hakuna kimoja kinachosafiri peke yake. Daftari letu lina ukurasa mmoja kwa kila usiku, na vyumba vinane vimeandikwa ubavuni tangu mwanzo wa mwezi. Anayepiga simu haambiwi "ndiyo, njoo" kabla jina lake halijaandikwa mbele ya chumba fulani. Tena kabla tangazo halijatoka, mtu mwingine anachukua simu yake na kuibonyeza namba kama ilivyo kwenye picha, tarakimu kwa tarakimu, bila kuitoa kwenye majina aliyoyahifadhi. Tarakimu moja ikikosewa, wikendi nzima inapigiwa mtu asiyehusika.

Kuandika jina tu hakutoshi. Mtu akishikilia chumba kwa maneno matupu hana kinachomfunga, na kwenye punguzo wengi hushikilia nyumba mbili au tatu kisha wakaamua wakiwa njiani. Kwa hiyo tunaomba malipo ya awali, karibu nusu. Asiyeweza kulipa mapema tunamshikilia chumba hadi saa 12 jioni ya siku ya kufika, na tunamwambia hivyo waziwazi ili asiumie akikuta kimetolewa. Fedha zikiingia tunamtumia ujumbe ulioandikwa, na ujumbe wenyewe huwa hivi:

"Tumepokea 40. Chumba namba 4, watu 2, usiku wa Jumamosi 14 Juni 2025 kuamkia Jumapili 15 Juni 2025. Bei ni 85, kifungua kinywa cha watu 2 kimo. Salio 45 utalipa ukifika. Kuingia kuanzia saa 8 mchana. Ukiahirisha kabla ya Ijumaa saa 12 jioni, fedha zako zinarudi zote."

Mgeni akiuonyesha ujumbe huo mlangoni, hata kama mimi sipo, aliyepo anajua kila kitu. Mdogo wangu ndiye aliyetunga maneno yake, na tangu tuanze kuutumia hakuna mtu aliyekuja na ahadi tusiyoijua.

Na tangazo la pili lilisomeka hivi, chini ya picha ya chumba chenyewe ambacho mgeni angelala, si kile kizuri kuliko vyote:

"Ofa ya Jumamosi. Chumba cha watu 2: 85 badala ya 100, kifungua kinywa cha watu 2 kimo ndani ya bei (hakikatwi ukikiacha). Usiku mmoja, Jumamosi 14 Juni 2025 kuamkia Jumapili 15 Juni 2025. Kuingia saa 8 mchana, kutoka saa 4 asubuhi. Mtu wa tatu: kifungua kinywa 12. Vyumba ni 8. Kuweka nafasi, piga au tuma ujumbe kwa namba hii moja, kila siku saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku."

Tuliuza vyumba sita Jumamosi ile. Kila aliyepiga simu tulimuuliza amelipata wapi tangazo na kama angekuja hata bila ofa, tukaandika pembeni ya jina. Vitatu vilikuwa vya wageni wa kawaida, wale ambao wangelipa 100. Kwa hao nilipoteza 29 kwa kila chumba, jumla 87. Vitatu vilikuwa vya wageni wapya kabisa, na kila kimoja kiliniachia 55, jumla 165. Ukitoa, imebaki 78 juu ya Jumamosi ya kawaida, na Ijumaa imekaa na 504 yake kamili. Ni faida ndogo kuliko niliyoiota nilipoanza, lakini ilikuwemo kweli kwenye droo, na watu walikula wameketi.

Tukarudia wiki iliyofuata, na ya tatu, na ya nne. Wiki ya nne niliona kitu kwenye ukurasa wa Ijumaa: vyumba vimeshuka kutoka sita hadi vinne. Niliwapigia wageni wawili ninaowafahamu kuwajulia hali, na mmoja akaniambia bila kuficha kwamba ameisogeza safari yake kwa siku moja ili alale Jumamosi. Mgeni akihama hivyo napoteza 84 na kupata 55, na kwenye ukurasa wa Jumamosi anaonekana kama mgeni mpya. Usipoitazama Ijumaa huwezi kumwona. Ndipo tulipoacha kuitoa ofa kila wiki. Sasa tunaitoa Jumamosi moja kwa mwezi, ile ambayo kufikia Jumanne daftari linaonyesha majina mawili au chini ya hapo, na mimi mwenyewe Jumapili saa 4 asubuhi naibandua karatasi mezani na kuwaandikia wote tuliowatumia picha kwamba ofa imekwisha.